Barua ya wazi kwa Meneja wa Umeme wa Wilaya: ule haukuwa "umeme mdogo"

Ndugu Meneja,

Jumamosi jioni jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa anapiga pasi sare za shule. Kila pasi yake ilipochukua moto, taa ya sebuleni kwangu iliwaka kama kurunzi na yake ikafifia hadi ikawa nyekundu. Pasi ikijikata, yangu inatulia. Nilipiga simu dawati lenu la dharura. Nikaambiwa ni umeme mdogo, nisubiri zamu yangu. Kabla ya saa kuisha, televisheni ilitoa moshi, na friji ikanyamaza. Breka haikuanguka, wala sikuilaumu: breka hii ya kawaida inapima wingi wa mkondo, volti haizijui.

Vijana wako walipofika usiku walikuta klampu ya nyutro, ule waya wa kurudishia mkondo, imeungua kwenye nguzo ya pili kutoka mwisho, alumini imeliwa na kutu nyeupe. Nyumba zetu mbili ndizo pekee zilizobaki mbele yake, kila moja na fezi yake, yaani waya wake wa kuletea umeme. Kabla hawajaigusa, fundi wao alipima: kwangu volti 335, kwa jirani 70. Jumlisha uone. Ni zile 400 na ushei zilizopo kati ya fezi na fezi.

Nyutro ikiwepo, kila nyumba inapata 230 zake bila kujali mwenzake anawasha nini. Ikikatika, mkondo unaotoka kwangu hauna njia ya kurudi ila kupitia vyombo vya jirani, na nyumba mbili zinagawana volti 400. Mgawo wenyewe ni wa ajabu: mwenye mzigo mdogo ndiye anayepewa nyingi. Weka balbu ya zamani ya wati 100 upande wangu na pasi ya wati 1000 upande wake: balbu itapata takriban 364, pasi 36. Ndiyo maana kuzima vyombo kimoja kimoja, kama nilivyofanya mimi kwa kuhangaika, kunaviumiza zaidi vile vinavyobaki. Ilinipasa kushusha swichi kubwa papo hapo.

Ombi langu ni dogo. Anayepokea simu aulize swali moja: "Kuna taa zinazowaka kupita kiasi, kwako au kwa jirani?" Umeme mdogo wa kawaida, wa laini ndefu au transfoma iliyoelemewa, haupandishi taa ya mtu. Jibu likiwa ndiyo, amwambie mteja azime swichi kubwa na awaambie majirani wazime, asiguse waya wala nguzo, kisha fundi wa zamu aende kutoa fyuzi za laini hiyo kwenye transfoma hata kama hana klampu mpya mkononi. Giza la usiku mmoja tunalivumilia.

Na klampu za nguzo zetu nyingine zimefungwa siku moja na ile iliyoungua.

Mteja wako, nyumba ya mwisho kwenye laini