Sura ya tisa

Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Jambo sana. Mguu wa mama mkwe umepona? Huku tuko, ila umeme ndio hauko. Naandika kwa mshumaa, na hii biki inagoma kila mstari wa tatu. Najua umeninunia. Karatasi za riwaya yako zimekaa kwangu tangu Pasaka na mimi kimya. Sikuzipoteza! Nilizisoma mara mbili, na ni mara ya pili ndipo nikajua kilichonikera.

Ni sura ya tisa, lakini acha nianze na Mama Mapasa. Nilimpa riwaya yako pamoja na penseli, nikamwomba kitu kimoja tu: kila anapoiweka chini atie alama hapo, hata kama ni kwenda kusonga bukari. Alama zake nane za kwanza zote ziko mwisho wa sura. Nilidhani ni sifa, mpaka nikahesabu kurasa. Sura ya kwanza 14, ya pili 15, ya tatu 14, hivyo hivyo hadi ya nane, kama matofali yaliyotoka kalibu moja. Msomaji anazoea hayo mapigo. Akifika ukurasa wa 12 tayari anajikusanya kuondoka. Na wewe unamfungulia mlango, maana sura tano zinaisha mtu akizima taa, akalala. Mhusika akilala, msomaji naye anakwenda kulala. (Mimi nililala mara tatu, nisamehe.)

Sasa hiyo ya tisa. Ukurasa wa 10 wachimbaji wawili wanasimama kwenye lango na kofia za kazi mkononi. Mama anawaona akiwa anamimina unga, na unga unamwagikia kando ya sufuria. Hakuna anayesema. Ndugu yangu, hapo nilishika pumzi. Halafu, katika aya hiyo hiyo, wanasema; kisha mama analia, jeneza linafika, baba mdogo anagombania nyumba, na ukurasa wa 14 binti anawaza mambo ya maisha, kisha, bila shaka, analala. Mama Mapasa aliniambia: "Nilijua baba amekufa, lakini nilikuwa nimeshafika matangani." Hakupata mahali pa kusimama amlilie.

Kata pale unga unapomwagika. Maliza sura hapo. Mwili wa msomaji unangoja kurasa nne zaidi, na badala yake anakuta karatasi nyeupe. Weupe huo ndio utakaompa habari, kuliko wale wachimbaji. Kisha sura ya kumi iwe ukurasa mmoja na nusu tu: mama anasugua ile sufuria, usiku, basi. Asielezwe mtu kitu. Matanga yaende sura ya kumi na moja, nayo iwe ndefu kama kawaida yako. Ile fupi itauma kwa sababu majirani zake ni warefu. Faulkner, katika riwaya moja ya mwaka 1930, aliweka sura yenye maneno matano, na inagonga kwa sababu zilizoizunguka hazina maneno matano. Ukizifanya zote fupi, unarudi kwenye matofali, madogo tu.

Lakini usinogewe ukakata kila sura mlangoni kabla ya habari. Mwisho wa sura ya sita ulifanya hivyo, mtu anabisha usiku, na kumbe ni muuza makaa! Nilicheka, ila nilianza kukushuku. Kama unataka lile lango lifanye kazi, huyo muuza makaa aondoke.

Na zile nyota unazotenganishia matukio ndani ya sura. Kuacha mstari mtupu ni kuvuta pumzi, msomaji haweki kitabu chini. Lakini kila baada ya nyota anaanza upya: nani huyu, yuko wapi, ni lini? Hiyo inakula sentensi mbili, na uchungu unapoa. Matangani umetia nyota saba katika kurasa hizo nne. Ugomvi wa nyumba uache utiririke bila kukatika, hata mtu akose hewa, ubakize nyota moja pale usiku unapopita. Hiyo moja ichore kweli, usiache nafasi tupu peke yake, kwa sababu nafasi ikiangukia mwisho wa ukurasa mchapaji akishapanga haionekani tena, na msomaji atadhani asubuhi imeingia katikati ya sentensi.

Narudi kwenye sufuria, siwezi kuiacha. Uliiona kwa macho yako, au uliitunga? Ni ile ya kwenu Katuba, siku ile? Kama ndiyo, je, unaweza kuiandika usiku wake bila kumtaja marehemu hata mara moja? Na binti, lazima awaze kweli? Yule mwalimu wetu amesoma tayari, alisemaje? Utakuja lini kuchukua karatasi zako, maana Mama Mapasa amezishika anangoja sura ya kumi, na nimwambie nini?

Wako,
yule yule wa dirishani