Alama za Kidato cha Pili: tafadhali rekebisheni kabla ya Alhamisi

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hamjambo?

Nimepitia jedwali la alama na naona tunajumlisha kwa njia mbili tofauti. Insha ni kati ya 40, Lugha na Fasihi kati ya 60. Kuna mwanafunzi aliyepata 30 na 27. Mmoja wetu amegeuza kila karatasi kuwa asilimia (75 na 45), akagawa kwa mbili, akapata 60. Sahihi ni 30 + 27 = 57 kati ya 100, yaani asilimia 57. Wastani ule unaipa Insha nusu ya uzito wote ilhali stahili yake ni 40 tu, kwa hivyo waandishi wazuri wanapanda bure na wale wa sarufi wanaumia.

Kwenye jedwali, andikeni hivi:

```
=IF(COUNT(B2:C2)=2,(B2+C2)/(40+60)*100,"X")
```

KCSE ni vivyo hivyo: 40 + 80 + 80 = 200, kisha gawa kwa 2.

Naomba:
1. Alama ghafi zibaki kwenye safu zake. Msizigeuze, wala msizifute!
2. Aliyekosa karatasi moja awekewe X, si sifuri. Hao tutawajadili pamoja.
3. Desimali ikadiriwe mwishoni tu.

Mkutano ni Alhamisi saa kumi jioni, majilisi. Mwisho wa kurekebisha ni Jumatano usiku. Ukimaliza, andika hapa "tayari" na mkondo wako. 2 Mashariki nimeshamaliza. Yangu pia yalikuwa na kasoro.