Shukrani kwa mhudumu wa mapokezi aliyenirudishia kifaa changu cha kusikia

Kwako mhudumu wa nyumba ya wageni mjini Tanga, ambaye jina lako silijui, nakushukuru kwa dhati. Barua pepe yako ilinieleza tu kwamba kifaa kidogo kimeokotwa chini ya mto wa kitandani, ikanitaka nitaje mwenyewe rangi yake na alama iliyo ubavuni, kwa kuwa maelezo kamili yangemwezesha mtu mwingine kudai kisicho chake. Ulisubiri nithibitishe kwa maandishi anwani na gharama, ukatoa betri, ukakizungushia sifongo ndani ya kopo gumu, ukakituma kwa EMS ya Posta na kunipa picha ya risiti yenye namba ya kufuatilia kifurushi. Nilikipokea Dodoma kikiwa kizima, nami nasikia tena vizuri.