YAH: Taarifa ya siku ya duka langu haionyeshi pesa iliyopaswa kuwa kwenye droo

Masasi, Mtwara

Ndugu fundi wa mfumo,

Salamu. Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu mfumo ulionitengenezea kwa duka langu la vifaa vya ujenzi. Kwenye simu umekuwa ukiniambia taarifa "inafanya kazi". Inafika, ni kweli, lakini hainisaidii kufunga hesabu, nami nilikulipa malipo ya awali kwa ajili ya hilo.

Nianze na muda. Taarifa ya jana inanifikia leo saa tano asubuhi, na ndani yake yamo mauzo ya asubuhi ya leo. Mteja aliyenunua misumari saa mbili asubuhi anasomeka kwenye siku iliyopita. Miezi ya nyuma ilikuwa inafika saa nne, kisha mwanzoni mwa Novemba ikahamia saa tano bila mtu kugusa kitu. Mpwa wangu aliyesomea kompyuta ameeleza sababu: seva uliyokodi inafuata saa za magharibi mwa Marekani, ambako saa hurudishwa nyuma kila Novemba, na mfumo unafunga siku yangu wakati kwao ni saa sita usiku. Weka saa za `Africa/Dar_es_Salaam`, ambazo hazibadiliki mwaka mzima. Siku yangu ianze saa sita usiku ya hapa Masasi na kuishia saa sita usiku ya hapa Masasi. Duka nafunga saa moja jioni, kijana anahesabu droo, na taarifa naitaka saa mbili na nusu usiku, yaani 20:30, wakati yeye bado yupo na tofauti inaweza kuulizwa.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Wewe umeniwekea mstari mmoja tu, "Jumla ya mauzo". Chukua Jumamosi iliyopita: tulifungua mchana kwa sababu ya msiba, na Jumapili hatukufungua, kwa hiyo kosa la saa halikuigusa. Taarifa ilisema 2,340,000. Droo ilikuwa na 765,000. Kwa taarifa hiyo, kijana wangu wa kaunta ni mwizi. Nikarudi kwenye daftari. Mauzo ya taslimu yalikuwa 860,000, ya Lipa Namba 410,000, na mabati yaliyotoka kwa mkopo 320,000. Hayo ndiyo mauzo, jumla 1,590,000. Zile 750,000 zilizobaki ni madeni yaliyolipwa siku hiyo kwa taslimu na wakulima waliochukua mabati kabla ya msimu, sasa wamepata malipo ya korosho. Mabati hayo mfumo uliyahesabu kama mauzo siku yalipotoka dukani, na umeyahesabu tena siku yalipolipiwa. Huku kwetu nusu ya biashara inakwenda hivyo, na nilikueleza tangu mwanzo. Msimu wote huu nasoma mauzo ambayo hayapo.

Kwa hiyo taslimu, Lipa Namba na mkopo kila kimoja kiwe na mstari wake, na madeni yaliyolipwa yakae mbali na mauzo. Chini yake nataka hesabu ya droo: tulianza na chenji 100,000, ongeza taslimu 860,000 na madeni 750,000, toa 45,000 za wapakiaji na chakula, toa 900,000 nilizochukua kulipia mzigo wa saruji. Inabaki 765,000. Kando yake pawe na kiasi alichohesabu kijana, kisha tofauti. Na hicho kiasi akiingize kabla mfumo haujamwonyesha kinachotakiwa, vinginevyo ataandika tu kile anachokiona.

Mtandao nao hukatika. Mauzo yanabaki kwenye simu ya kaunta na kupanda kesho yake, kisha yanasomeka kama ya kesho. Yabebe tarehe na saa ya kuuzwa. Yakichelewa, taarifa ya jana isibadilike kimyakimya; taarifa ya leo iwe na mstari unaosema kiasi gani cha jana kimeingia kwa kuchelewa. Risiti iliyofutwa nayo ionekane, pamoja na jina la aliyeifuta na saa.

Faida, chati na bidhaa zinazouzika sana sikuviomba, na visiingie kwenye ukurasa huu.

Nakupa wiki mbili. Tutajaribu kwa Jumamosi ileile: nitakutumia picha za kurasa za daftari, uingize kila kitu upya, na taarifa itoke na mauzo 1,590,000 na droo 765,000. Ikitoka hivyo, malipo yako yaliyobaki nitayatuma siku hiyohiyo. Isipotoka, naomba unirudishie malipo ya awali, pamoja na nakala ya kumbukumbu zote za duka langu.

Wako,
Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Masasi