Mtungi wa CO2 haukuwa mbovu: tulichokikuta baada ya mashine ya fotokopi kuwaka

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye ofisi alituletea mtungi wa kuzimia moto wa CO2 wa kilo 2, akaubwaga juu ya kaunta na kusema, "Mmeniuzia kitu kibovu. Moto ulizimika ukawaka tena, gesi ikaisha kabla ya kazi kwisha, na kijana wangu ameungua mkono." Hakuwa wa kwanza. Malalamiko hayo matatu tunayapokea mara kwa mara, ila ni nadra yote kufika kwa pamoja. Tukamwomba atusimulie tangu mwanzo, kisha tukaupima mtungi mbele ya macho yake. Ameturuhusu tuandike yaliyotokea bila kumtaja.

Karatasi ilikwama ndani ya fotokopi, karibu na lile roli la moto linaloyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi. Moshi ukaanza, halafu miale ikachomoza ubavuni. Kijana wa ofisi akauchukua mtungi ukutani, akavuta pini, akabonyeza. Pembe ilikuwa bado imeelekea chini, kama inavyokaa mtungi ukiwa umening'inizwa, kwa hiyo akaidaka kwa mkono wa kushoto aielekeze kwenye mashine huku gesi inatoka. Sekunde tatu au nne baadaye akapiga kelele, akaiachia. Miale ilikuwa imekwisha. Watu wakashusha pumzi. Haikupita dakika, moto ukarudi palepale.

Tuanze na mkono. Pembe ni ule mdomo mpana mweusi wa plastiki unaotokea gesi. Ndani ya mtungi CO2 si upepo, ni kimiminika kilichobanwa kwa nguvu, kama baa 57 chumba kikiwa na nyuzi 20. Ukibonyeza, kimiminika hicho kinatoka ghafla kwenye hewa ya kawaida, kinatanuka, na kutanuka huko kunakula joto lote la karibu. Sehemu yake inageuka theluji kavu yenye ubaridi wa nyuzi 78 chini ya sifuri. Wingu jeupe unaloliona ni theluji hiyo pamoja na mvuke wa hewani ulioganda. Gesi yenyewe haina rangi. Theluji hupita ndani ya pembe, na kwenye pembe ya kawaida ubaridi hufika upande wa nje upesi mno. Jasho la kiganja likiganda, ngozi inanata kwenye plastiki, na mtu akijivuta kwa pupa anaacha ngozi.

Kijana wao ana lengelenge kwenye vidole vitatu na alama nyeupe kwenye kiganja. Walimsugua kwa taulo wakidhani wanampasha joto. Hapana, msisugue. Mkono uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha mwende hospitali, kwa sababu kidonda cha ubaridi kinatazamwa kama cha moto.

Kwenye mtungi wa kilo 2, pembe imefungwa kwenye kijibomba kinachozunguka. Dawa yake ni kuinyanyua na kuielekeza kabla hujabonyeza, kisha mikono yote ikae kwenye mtungi: mmoja kwenye kishikio, mwingine chini ya tumbo la mtungi kama unahitaji kuutuliza. Mtungi wa kilo 5 una mpira, na pembe yake ina mahali pa kushikia nyuma, pale mpira unapoungana nayo. Shika hapo, usipande mbele. Kuna pia pembe zenye kuta mbili ambazo haziumizi mkono. Tunaziuza ghali kidogo kuliko zile za kawaida, na hapa ndipo tunapoitwa wezi. Mama huyu tulimpa chaguo siku ananunua, akachukua ya kawaida. Hatumlaumu, maana kila mtu anabana matumizi, lakini karatasi ya mauzo tunayo.

Na tafadhali, pembe ikipasuka usiitoe ukabaki na bomba tupu. Kazi yake ni kuipunguzia gesi mwendo na kuzuia isivute hewa njiani. Bila pembe unarusha mchirizi mkali unaojichanganyia oksijeni na kutawanya makaa, na mtungi wenyewe unakusukuma nyuma.

Sasa kurudi kwa moto. CO2 inazima kwa kuisukuma oksijeni mbali na mwali. Watu wengi wanaamini kwamba kwa kuwa ni baridi hivyo basi inapoza, lakini inapoza kidogo tu, na ikishatawanyika hewa inarudi. Mafuta yaliyomwagika sakafuni yakizimwa vizuri hukaa yamezimika, kwa sababu hayana makaa. Karatasi ina makaa. Ndani ya fotokopi ile kulikuwa na bunda zima la karatasi limeshika moto wa ndani, na mbaya zaidi, plagi ilikuwa bado ukutani. Roli la moto lilikuwa linaendelea kupata umeme, yaani kiberiti hakijaondolewa. Tulipomuuliza mama ni nani alizima umeme, akanyamaza kidogo, akasema, "Si mlisema hii haipitishi umeme?" Ni kweli haipitishi. Hiyo inakulinda wewe unayepuliza, haiondoi chanzo cha moto. Ungekata umeme kwanza, ukapuliza kupitia uwazi wa mashine kwa kukaribia kama mita moja na nusu, ukaendelea sekunde kadhaa hata baada ya mwali kupotea, kisha ukasimama hapo na mtungi mkononi ukiangalia, hadithi ingekuwa nyingine. Kwa makaa ya karatasi, umeme ukishakatwa kabisa, mtungi wa maji ndio unaomaliza.

Hilo la gesi kuisha mapema ndilo lililotuchukua muda. Mtungi wa CO2 hauna geji, na kila mwezi kuna mteja anayeturudishia akisema tumemnyima geji. Geji ingekudanganya. Ilimradi kimebaki kimiminika chochote ndani, mgandamizo unabaki uleule, uwe umejaa au umebaki nusu. Unabadilika na joto la chumba tu. Ndiyo maana mtungi huu unapimwa kwa mizani. Uzito wake kamili umeandikwa juu yake, na sisi tukisevisi tunaweka mizani, tunasoma, tunalinganisha. Ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi, yaani gramu 200 kwa mtungi wa kilo 2, unajazwa upya.

Wa mama ulitoka kwetu ukiwa na kilo 6.4, chombo na gesi yake ya kilo 2 kwa pamoja. Mezani ulisoma 4.6, maana yake gesi iliyobaki ni gramu 200. Mtungi wa kilo 2 hutoa gesi yake kwa kama sekunde 8 hadi 10. Kijana alipuliza sekunde nne, kisha mwenzake akapuliza mbili hivi kabla haujaanza kukoroma bila nguvu. Hata tukikadiria kwa ukarimu, hiyo ni kilo 1.5. Gramu 300 au zaidi zimekwenda wapi?

Tukafungua vali. Kwenye kiti chake kulikuwa na mkwaruzo mwembamba na kipande cha mpira kimekatika. Nikamuuliza, "Kuna mtu aliwahi kuujaribu?" Akacheka kwa aibu. Siku tulipoupeleka, miezi minane nyuma, kijana mmoja aliubonyeza kidogo awaonyeshe wenzake unavyopiga kelele. Sekunde moja tu. Kisha wakarudisha pini na kufunga uzi wa nailoni mahali pa sili yetu.

Huu ndio mchezo unaotuletea ugomvi kuliko yote. Ukibonyeza kidogo na kuachia, theluji au kauchafu kananaswa pale vali inapofunga, na kuanzia hapo inavuja taratibu. Husikii, hunusi, na geji haipo. Mtungi unaonekana mzima ukutani hadi siku ya haja. CO2 iliyobonyezwa, hata mara moja, inarudi karakana. Anayetaka kusikia kelele aje kwetu, tuna mtungi wa mafunzo.

Wapo wanaosema, basi nipe mtungi wa poda, bei nafuu na ina geji. Ofisi moja ilifanya hivyo. Kompyuta moja ilitoa moto kwenye kisanduku cha umeme, wakaipiga poda, moto ukazimika mara moja. Siku mbili baadaye walituita kwa sababu mashine nyingine sita za chumba kile zilikuwa zimejaa vumbi la manjano kwenye feni, na poda ile ikishanyonya unyevu inakula shaba na vichomeo vya bodi. Sisi hatusafishi kompyuta. CO2 haiachi kitu, ndiyo sababu ya kuiweka karibu na vifaa vya umeme, na ndiyo sababu ya bei: mtungi ni wa chuma kinene au alumini iliyotengenezwa kipande kimoja, na lazima upimwe kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka kadhaa kabla ya kujazwa tena. Tukiukataa mtungi kwa sababu umepitwa na kipimo hicho, hatutafuti biashara.

Kipo kifaa kimoja cha ofisini ambacho hatutakudanganya nacho. Laputopu ambayo betri yake ya lithiamu imevimba na inafuka, CO2 itaua mwali wa nje tu. Joto linazalishwa ndani ya betri yenyewe, wala haingoji oksijeni ya chumbani. Itawaka tena. Toeni watu, fungeni mlango, piteni nje, muwaite zimamoto.

Na chumba cha seva kidogo: mteja mwingine alitaka kilo 5 kwa chumba cha mita 3 kwa 2, akisema kubwa ndiyo salama. Kilo 5 ikitoka yote inakuwa karibu mita za ujazo 2.7 za gesi. Chumba hicho, kwa dari ya mita 2.5, kina mita za ujazo 15, kwa hiyo hewa utakayovuta ina karibu asilimia 18 ya CO2. Ikipita 10 tu mtu anaweza kuzirai upesi, na gesi ni nzito kuliko hewa, inamngoja pale anapoanguka. Tulimpa wa kilo 2, tukautundika nje ya mlango, na tukamwelekeza apulize akiwa mlangoni kisha atoke.

Mtungi wa mama tumeubadilishia vali na kuujaza. Mizani inasoma 6.4. Vali amelipia yeye, kwa sababu sili ilikuwa imekatwa. Safari hii amechukua pembe ya kuta mbili, na ameomba tuje na mtungi wa mafunzo Jumatatu asubuhi, kabla kijana yule hajarudi kushika fotokopi.