Karatasi ya "tumemalizana" inavyoua madai ya bima

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyegongwa na fuso Mbezi, akapokea laki tano kutoka kwa mwenye gari na kusaini karatasi kwamba wamemalizana, kisha kampuni yake ya bima ikakataa kumlipa. Anaona kadhulumiwa. Nimefanya kazi ya madai ya bima miaka mingi, na namwonea huruma kwa dhati, kwani karatasi aliyoisaini pale barabarani nimeiona mara nyingi mno.

Mwenye bima kubwa akiharibiwa gari kwa uzembe wa mtu, anakuwa na njia mbili: kumdai aliyemgonga au kuidai kampuni yake. Akilipwa na kampuni, haki yake ya kumdai mkosaji haifi. Kampuni inashika nafasi yake na kuidai ile haki, mara nyingi kesi ikifunguliwa kwa jina la mteja mwenyewe. Ndiyo maana utaulizwa jina na namba ya gari lililokugonga hata kama umeshaambiwa utalipwa.

Ila kampuni haina haki yake mpya. Inatumia ile ile ya mteja, na mteja akiwa ameifuta, kampuni inakuta mikono mitupu.

Tuchukue mfano. Matengenezo ni shilingi 6,400,000: bampa la nyuma, buti, taa na kunyoosha chesesi. Mkataba unasema mteja anabeba asilimia 10, yaani 640,000, na kampuni inalipa 5,760,000. Baada ya hapo kampuni ingemwandikia mwenye fuso kumdai hizo 5,760,000, na mteja naye angebaki na haki ya kumdai zile 640,000 zake. Sasa kuna karatasi inayosema: "Nimepokea shilingi 500,000, tumemalizana, sitadai kitu kingine chochote." Mwenye fuso anaitoa mahakamani na madai yote yanaishia hapo, pamoja na zile 640,000. Mteja ameuza madai ya zaidi ya milioni sita kwa laki tano, naye alidhani anapokea hela ya breakdown tu!

Hata ukisaini baada ya kulipwa hujaokoka. Mwaka 1897 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya kampuni ya West of England dhidi ya Isaacs, ilimwamuru mtu aliyelipwa fidia ya moto kisha akaachilia haki aliyokuwa nayo dhidi ya mwingine airudishie kampuni fedha. Sheria yetu ya bima imejengwa juu ya misingi hiyo hiyo. Marekani mahakama zimeweka nafuu moja: mkosaji aliyejua kwamba kampuni imeshalipa, kisha akamshawishi mteja asaini, hawezi kujikinga na karatasi hiyo. Lakini pale barabarani, kabla ya malipo yoyote, nafuu hiyo haimsaidii mtu.

Hata hivyo, nina neno kwa wenzangu wa makampuni. Kukataa madai yote kwa sababu tu karatasi ipo si haki kila mara. Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: tumepoteza kiasi gani ambacho kweli tungekipata? Kama aliyegonga ni kijana wa bodaboda asiye na bima wala mali, haki iliyofutwa ilikuwa na thamani ndogo sana. Mwenye fuso tatu na bima hai ni habari nyingine. Mteja asome masharti ya mkataba wake, maana mengine ni makali, lakini aiulize kampuni swali hilo kwa maandishi kabla ya kukata tamaa. Na zile laki tano azitaje mwenyewe mapema. Zitakatwa kwenye malipo, kwa kuwa fidia hailipwi mara mbili kwa hasara moja.

Askari wa usalama barabarani nao, kwa nia njema ya kufungua njia, huwahimiza watu wamalizane. Kusamehe kosa la barabarani na kufuta deni la hasara ni mambo mawili, na wenye magari wengi huyachanganya.

Kama unahitaji fedha ya kuvuta gari, pokea, lakini andika hivi: "Nimepokea shilingi 500,000 kwa ajili ya kuvuta gari. Madai mengine yote, yangu na ya kampuni yangu ya bima, yanabaki." Mkosaji akikataa maneno hayo, usisaini, mpigie wakala wako ukiwa bado hapo hapo. Piga picha za magari yote mawili na hati ya bima yake.

Nakuomba, Mhariri, uichapishe sentensi hiyo kwa herufi nene ili watu waikate na kuiweka kwenye dashibodi.

Ofisa madai mstaafu,
Dar es Salaam