Wanangu wa uhasibu, someni kitenzi kwanza

Wanangu mnaosoma uhasibu,

Hamjambo? Nimekaa miaka mingi upande wa kalamu nyekundu, na kuna karatasi moja sijaisahau. Swali la kwanza lilisema: taja sababu mbili zinazofanya mali ya kudumu ichakae. Alama 2. Mtahiniwa akajaza ukurasa mmoja na nusu, mwandiko safi, mifano tele. Nikampa alama 2, kwa kuwa alama ya tatu haikuwapo. Swali la mwisho, la alama 12, lilimtaka atathmini uamuzi wa mwenye biashara. Aliandika mistari minne, na ule wa nne ulikatikia katikati ya neno. Muda ulikuwa umekwisha. Mada aliijua, ule ukurasa wa kwanza ulinithibitishia. Iliniuma, maana sikuwa na namna ya kuhamisha alama kutoka huku kwenda kule.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia wanafunzi jambo moja: kitenzi cha swali kinakuonyesha uende na hoja umbali gani, na alama zinakuonyesha uwe na hoja ngapi. Wengi wanatazama alama tu. Wakiona 6 wanaandika hoja sita fupi fupi, kumbe swali lilisema eleza, na lilitaka hoja mbili au tatu zilizofuatwa hadi mwisho.

Nichukue gari moja niwaonyeshe. Biashara imenunua gari la kusambaza mizigo kwa 16,000. Litatumika miaka 4, kisha litauzwa kwa 1,000.

Kwenye taja sina mengi. Sababu za kuchakaa? Kutumika, na kupitwa na wakati. Maneno matano yametosha, weka nukta uondoke. Ukijiona umeandika "kwa sababu" chini ya swali la taja, jua umeanza kutumia muda wa swali jingine.

Eleza ndiyo inayohitaji hiyo "kwa sababu". Tuseme swali ni: eleza kwa nini uchakavu wa gari hutozwa kila mwaka, alama 4. Utaandika hivi: gari linasaidia kuleta mapato kwa miaka minne, kwa hiyo gharama yake nayo igawanywe kwenye miaka hiyo hiyo, ilingane na mapato iliyoyaleta. Halafu: usipotozwa, faida ya kila mwaka itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na gari litakaa kwenye mizania kwa 16,000 hata likiwa limebakiza mwaka mmoja wa kutumika. Hoja mbili, kila moja ina sababu yake na matokeo yake, mistari sita hivi. Makosa niliyoyaona sana hapa ni mawili. Kuna anayeulizwa kwa nini akajibu namna gani, akaandika kanuni ya kukokotoa na kuikokotoa vizuri kabisa bila kupata kitu. Na kuna anayesema uchakavu ni fedha inayowekwa kando ya kununulia gari jingine. Hiyo si kweli: kuandika uchakavu kwenye leja hakuweki senti yoyote benki.

Jadili inataka pande mbili zinazojibizana. Njia ya mstari ulionyooka inatoza kiasi sawa kila mwaka: toa 1,000 kwenye 16,000, gawanya kwa 4, unapata 3,750. Njia ya salio linalopungua, kwa asilimia 50, inatoza 8,000, kisha 4,000, kisha 2,000, kisha 1,000. Jumla kwa njia zote mbili ni 15,000. Ukiandika aya ya faida za njia ya kwanza, kisha aya ya faida za njia ya pili, umeorodhesha tu. Mjadala unaanza pale hoja ya upande mmoja inapokutana na ya upande wa pili: njia ya kwanza ni rahisi na faida haiyumbi, lakini magari mengi hupoteza thamani zaidi mwaka wa kwanza, na njia hiyo hailionyeshi jambo hilo, ya pili inalionyesha, ila kile kiwango cha asilimia 50 chenyewe ni makadirio, na kikibadilika kidogo faida ya mwaka wa kwanza inabadilika sana. Neno "lakini" ndilo lililobeba alama hapo.

Sasa tathmini, ambako alama nyingi hupotea. Tuseme swali linaongeza kwamba matengenezo yatagharimu 500 mwaka wa kwanza na 3,500 mwaka wa nne, na kwamba gari litatembea umbali unaokaribiana kila mwaka. Mwenye biashara amechagua salio linalopungua. Tathmini uamuzi wake, alama 12.

Wengi wataandika walichokariri: salio linalopungua ni zuri kwa magari, kwa kuwa uchakavu unapungua huku matengenezo yakipanda, kwa hiyo gharama ya jumla inakuwa karibu sawa miaka yote. Ijaribuni kwa tarakimu za swali. Mwaka wa kwanza, 8,000 na 500 ni 8,500. Mwaka wa nne, 1,000 na 3,500 ni 4,500. Haikusawazika, imeshuka kwa 4,000. Kwa mstari ulionyooka ingekuwa 4,250 mwaka wa kwanza na 7,250 mwaka wa nne, tofauti ya 3,000. Hoja ya kukariri imeanguka mbele ya gari hili. Kisha kuna lile la umbali. Kiwango cha kimataifa cha IAS 16 kinataka njia ya uchakavu ifuate namna manufaa ya mali yanavyotumika. Gari likitembea karibu sawa kila mwaka, manufaa yanatumika karibu sawa, na mstari ulionyooka ndio unaolifuata vizuri zaidi.

Hukumu basi iandikwe wazi: kwa gari hili uamuzi wake haukufaa, na sababu nzito kuliko zote ni umbali, kwa kuwa tofauti ya 3,000 na 4,000 peke yake si kubwa ya kutosha kuamua. Ungekuwa wa busara kama gari lingetembezwa sana mwanzoni kisha likapumzishwa. Sentensi hii ya mwisho, inayosema ni hali gani ingebadilisha uamuzi, watahiniwa wachache huiandika.

Namna ya kujikagua: chukua hitimisho lako uliweke akilini chini ya swali la biashara nyingine. Likikaa vizuri huko pia, bado hujatathmini. Na pale wanaposahihisha kwa ngazi, insha isiyo na hukumu hukwama ngazi za chini hata ikiwa na kurasa tatu.

Kuhusu muda, mtihani wa dakika 90 wenye alama 60 unakupa dakika moja na nusu kwa alama. Taja ya alama 2 ni dakika 3. Tathmini ya alama 12 ni dakika 18, na kati ya hizo acheni 5 za kuandika hukumu tu. Maana kamili ya kila kitenzi hutofautiana kidogo baina ya mabaraza ya mitihani, hasa kama jadili inadai uamuzi mwishoni au la. Mtaala wenu una ukurasa unaovieleza, uchapeni mkae nao mnapofanya mazoezi.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu.